VYOMBO VYA NYUMBANI: Muziki Unaogeuka Mlio wa Kopo



Wiki hii safu yetu inajibu barua iliyotufikia kutoka Kajaga, kando ya barabara iendayo Gatumba. Aliyeiandika ni mke wa askari, na swali lake si lake peke yake, kwani nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba amewekwa kazini mbali na watoto wake hukutana na jambo hilo hilo bila kulijua jina. Tumeifupisha barua yake kama ifuatavyo:

"Mume wangu ni askari. Mwaka 2024 alikuwa kazini Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu wakati huo tumejiwekea desturi ya kuzungumza naye kwa simu ya video kila Jumapili jioni, popote awapo. Mimi hutumia kompyuta ya mkononi na hedifoni isiyo na waya. Mtoto wetu wa kwanza anajifunza kupiga inanga kwa babu yake, naye baba yake ana hamu ya kumsikia. Tatizo ni hili. Kabla ya simu kuanza, nyimbo za kwaya zilizomo katika kompyuta husikika vizuri mno katika hedifoni. Simu ikianza tu, nyimbo zile zile husikika kana kwamba zinatoka ndani ya kopo. Baba watoto naye anasema inanga ya mwanawe haisikiki ila kama kugongagonga ubao, na maneno ya mnong'ono hayasikiki kabisa. Nilirudisha hedifoni dukani. Muuzaji akaijaribu kwa wimbo, ikalia vizuri, kisha akanishauri ninunue nyingine ya bei kubwa zaidi. Fedha niliyo nayo ni ya karo ya shule. Je, ninunue?"

Jibu letu kwa mama huyu ni kwamba asinunue, walau asinunue kwanza. Hedifoni yake ni nzima. Muuzaji aliijaribu kwa muziki bila simu, na kwa muziki bila simu haina kasoro yoyote. Kinachomsumbua hutokea pale tu maikrofoni ya hedifoni inapofunguliwa, na ili aweze kukiondoa yafaa kwanza akielewe.

NJIA MBILI KATIKA CHOMBO KIMOJA

Hedifoni isiyo na waya hupelekewa sauti kwa mawimbi ya redio yaitwayo Bluetooth. Watu wengi hudhani kwamba mawimbi hayo ni kama bomba moja la maji, ambalo sauti ya kila namna hupita humo sawasawa. Sivyo. Walioibuni Bluetooth waliweka taratibu mbalimbali za kupitisha sauti, na hedifoni ya kawaida ina mbili zilizo muhimu kwetu.

Utaratibu wa kwanza ni wa muziki, nao huandikwa kwa kifupi A2DP. Kazi yake ni kuchukua muziki kutoka kompyuta au simu na kuupeleka masikioni. Huupeleka kwa pande mbili, sikio la kulia na la kushoto kila moja likipata sehemu yake, na kwa njia ya kawaida ya kufupisha sauti iitwayo SBC huweza kupitisha kiasi cha biti 328,000 kwa sekunde. Biti ni kile kipande kidogo kabisa cha habari katika mashine, yaani ndiyo au hapana, moja au sifuri. Lakini utaratibu huu una sharti moja kubwa: ni wa kwenda tu. Hauna njia ya kurudishia sauti ya msemaji. Anayevaa hedifoni husikia, wala hawezi kusema kwa njia hiyo.

Utaratibu wa pili ni wa mazungumzo, nao huandikwa HFP. Huu ulibuniwa kwa ajili ya simu, hususan kwa dereva ambaye mikono yake iko kwenye usukani. Njia yake huenda na kurudi kwa wakati mmoja, sauti moja ikija sikioni na nyingine ikitoka mdomoni. Lakini kila upande hupewa biti 64,000 tu kwa sekunde, na kinachofika masikioni ni sauti moja isiyogawanywa kulia na kushoto. Linganisha, msomaji, hizo 64,000 na zile 328,000 za muziki, utaona kwamba muziki umepunguziwa nafasi mara tano.

Mfano wake ni barabara. Utaratibu wa muziki ni kama barabara pana ambayo magari makubwa hupita kwa upande mmoja tu. Utaratibu wa mazungumzo ni kama njia nyembamba ya baiskeli, ambapo wa kwenda na wa kurudi hupishana. Njia ya pili inafaa sana kwa barua na vifurushi vidogo, lakini mtu hawezi kupitisha humo shehena ya lori.

Sasa, programu ya simu ya video inapoomba maikrofoni ya hedifoni, kompyuta haina budi kuiacha njia ya kwanza, kwa kuwa njia hiyo haipokei sauti ya msemaji. Hufunga barabara pana na kufungua njia nyembamba. Na kwa kuwa hedifoni haiwezi kuwa katika njia zote mbili kwa wakati mmoja, kila sauti iliyomo katika kompyuta, pamoja na ule wimbo wa kwaya usiohusika na simu hata kidogo, hulazimika kupita katika njia nyembamba. Hicho ndicho kiini cha jambo zima.

KWA NINI KOPO, WALA SI KITU KINGINE?

Sauti ni mtetemo. Ngoma kubwa hutetemesha hewa polepole, na njuga hutetemesha hewa upesi sana. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosogea.

Mashine haihifadhi mtetemo wenyewe, bali huupima mara nyingi kwa sekunde na kuandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Kanuni yake ni kwamba mashine haiwezi kuhifadhi mtetemo wenye kasi inayozidi nusu ya idadi ya vipimo. Muziki kwa kawaida hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo karibu kila kinachosikika na binadamu huwamo. Lakini utaratibu wa mazungumzo wa zamani hupima mara 8,000 tu. Nusu yake ni 4,000, na katika matumizi kinachopita hukomea kiasi cha 3,400.

Kipimo hicho cha 8,000 hakikubuniwa na watu wa Bluetooth. Kilikuwako katika mitambo ya simu za waya, na shirika la kimataifa la mawasiliano lilikiandika katika kanuni yake ya mwaka 1972 iitwayo G.711: vipimo 8,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 8, jumla biti 64,000. Kanuni za kwanza za Bluetooth zilipotolewa mwaka 1999, zilitenga kwa mazungumzo kiasi kile kile cha biti 64,000, kwa sababu hedifoni ilikusudiwa kuwa mkia wa simu, na simu yenyewe haikuwa na zaidi ya hapo. Basi mama wa Kajaga anaposikiliza kwaya ndani ya simu ya video, anaisikiliza kwa kipimo cha simu ya mezani.

Wakati wa mazungumzo watu hawalioni pungufu hili, maana uzito mkubwa wa sauti ya mtu anayesema kwa kawaida umo chini ya mitetemo 3,400. Muziki hauko hivyo. Ung'avu wa kayamba, njuga za wachezaji, upatu wa kwaya na ule mgongano mkavu wa fimbo kwenye ngozi ya ngoma, vyote vina sehemu kubwa juu ya hapo, na vyote hukatwa. Mara nyingi hata mvumo mzito wa ngoma, ule unaosikika zaidi kifuani kuliko sikioni, hupunguzwa kwa upande wa chini. Kinachobaki ni sehemu ya katikati, iliyobanwa, isiyo na kulia wala kushoto. Ndiyo maana sikio husema "kopo".

Mwaka 2011 utaratibu wa mazungumzo uliongezewa njia bora ya kufupisha sauti, iitwayo mSBC, inayopima mara 16,000. Ikiwa kompyuta na hedifoni zote mbili zinaijua, sauti hufika karibu mitetemo 8,000, na mazungumzo huwa safi zaidi. Lakini hata hivyo muziki bado hukosa sehemu zake za juu, na bado hauna pande mbili.

KISA CHA INANGA

Tuje sasa kwenye inanga, maana hapa mama huyu ametaja jambo lililo gumu kuliko la kwaya.

Inanga ni ubao mrefu uliochimbwa mfano wa sinia, wenye kamba zilizovutwa kutoka ncha hadi ncha. Namna moja ya kuipiga, inayojulikana sana Burundi, ni ile ambayo mpigaji haimbi kwa sauti, bali hunong'ona maneno huku kamba zikibeba tuni. Anayesikiliza huviunganisha viwili hivyo sikioni, akaona kana kwamba mnong'ono wenyewe unaimba. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliieleza hali hiyo katika makala yake ya mwaka 2002 kuhusu namna sikio linavyotambua sauti.

Mnong'ono ni nini? Ni pumzi isiyotetemesha koo. Hauna mlio wa juu wala wa chini kama sauti ya kawaida. Ni mvumo wa hewa unaopewa umbo na ulimi na midomo. Katika mvumo huo, herufi kama *s* na *f* zina nguvu nyingi juu ya mitetemo 4,000, yaani mahali pale pale panapokatwa na njia nyembamba. Hilo ni pigo la kwanza.

Pigo la pili si la hedifoni. Programu nyingi za simu za video zina kichujio cha kelele. Kichujio hicho husikiliza kinachoingia, kikatafuta sauti ya mtu asemaye, na kila kinachofanana na mvumo wa hewa, kama feni, upepo au mvua juu ya mabati, hukipunguza. Kwa kichujio, mnong'ono wa mpiga inanga unafanana na upepo. Kamba nazo, zinazolia na kufifia polepole, hufikiriwa kuwa mlio usiohitajika, mwisho wake ukakatwa. Ndipo baba anaposikia kule aliko kugongagonga ubao tu, kwa kuwa mgongo wa kila mlio hupita na mkia wake hukatwa.

Kwa hiyo katika nyumba hii kuna makosa mawili yaliyochanganyika. Kwaya inaharibika masikioni mwa mama kwa sababu ya hedifoni yake mwenyewe. Inanga inaharibika njiani kwa sababu ya maikrofoni ya hedifoni na kichujio cha programu. Na iwapo baba naye amevaa hedifoni isiyo na waya, iliyofunguliwa maikrofoni, basi huongezeka kosa la tatu kwa upande wake. Kila upande hurekebishwa peke yake.

JINSI YA KUTAMBUA KOSA

Watu wengi huulaumu mtandao kwa kila jambo. Lakini kosa la mtandao na kosa la hedifoni hazifanani. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti hukatika na kurudi, maneno humezwa, picha huganda au huwa na viraka, na hali hubadilika dakika kwa dakika. Kosa la hedifoni halibadiliki. Huanza ghafla simu inapofunguliwa, mara nyingi baada ya kimya cha sekunde moja hivi au mlio mdogo, kisha hubaki vile vile hadi mwisho, hata picha iwe safi namna gani.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi na halihitaji fundi. Kwanza, kabla ya simu, piga katika kompyuta wimbo unaoujua vizuri, wenye kayamba au upatu, usikilize kwa hedifoni. Pili, fungua simu ya video pamoja na ndugu yeyote, kisha piga wimbo ule ule uliomo ndani ya kompyuta yako. Wimbo huo hautoki kwenye mtandao. Umo nyumbani mwako. Ukiharibika, mtandao hauna hatia. Tatu, bila kukata simu, badilisha maikrofoni kama tutakavyoeleza hapa chini, ungoje sekunde chache. Wimbo ukirudia ung'avu wake, umekwisha kumpata mkosaji.

Ikiwa wimbo wako wa nyumbani husikika vizuri wakati wa simu, lakini muziki unaotoka kwa mwenzako ndio mbaya, basi kosa liko kwake au njiani, nawe usiguse chombo chako.

Ikumbukwe pia kwamba kuzima maikrofoni kwa kile kitufe cha programu, kwa kawaida hakusaidii. Kitufe hicho huzuia sauti yako isiwafikie wengine, lakini mara nyingi programu huwa bado imeishika maikrofoni ya hedifoni, na madhali imeshikwa, njia nyembamba hubaki wazi.

JINSI YA KUREKEBISHA

Dawa ni kuiacha hedifoni ifanye kazi moja tu, ya kusikia, na kazi ya kusema kupewa maikrofoni nyingine. Karibu kila kompyuta ya mkononi ina maikrofoni yake ndogo juu ya kioo au kando ya vitufe.

Katika programu ya Zoom, fungua `Settings`, kisha `Audio`. Mahali palipoandikwa `Microphone`, ondoa jina la hedifoni na uchague maikrofoni ya kompyuta yenyewe. Mahali palipoandikwa `Speaker`, acha jina la hedifoni. Programu nyingine zina sehemu ya namna hiyo hiyo, ingawa majina yaweza kutofautiana kidogo.

Hapa kuna mtego mmoja. Katika kompyuta zenye Windows 10, hedifoni moja huonekana kwa majina mawili, moja likiwa na neno `Stereo` na jingine likiwa na maneno `Hands-Free AG Audio`. La kwanza ni barabara pana, la pili ni njia nyembamba. Aliyebadilisha maikrofoni lakini akaacha `Hands-Free` kwenye upande wa kusikia, hatapata nafuu yoyote, kwani njia nyembamba itabaki wazi kwa ajili ya kusikia tu. Achague lenye neno `Stereo`.

Ikiwa yote hayo yamefanywa na kopo bado linalia, yaelekea programu nyingine imeishika maikrofoni ya hedifoni kwa siri, kama vile kinasa sauti kilichosahauliwa wazi au ukurasa uliofunguliwa tangu asubuhi. Windows huonyesha alama ndogo ya maikrofoni chini ya kioo pale inapotumika. Funga programu zilizo wazi moja moja hadi alama hiyo itoweke, kisha uanze upya.

Kwa simu ya mkononi mambo ni magumu zaidi. Katika mazungumzo ya WhatsApp, kwa mfano, ukichagua `Bluetooth`, kwa kawaida kusikia na kusema vyote huhamia kwenye hedifoni, bila nafasi ya kuvitenganisha. Dawa ya hakika na ya bei nafuu ni hedifoni ya waya. Plagi yake yenye maikrofoni ina sehemu nne za chuma: moja ya sikio la kushoto, moja ya kulia, moja ya maikrofoni, na moja ya pamoja. Kila kazi ina njia yake, wala hakuna inayoinyang'anya nyingine nafasi. Askari aliye kambini, asiyetaka kuwasumbua wenzake kwa sauti, hupata kwa hedifoni ya waya nafuu ambayo hedifoni ya bei mara kumi isiyo na waya huenda isimpe wakati wa simu.

Na inanga je? Mtoto asipige akiwa amevaa hedifoni yenye maikrofoni mdomoni. Kompyuta iwekwe mezani, yeye akae mbele yake kwa umbali wa mkono mmoja hivi, katika chumba chenye mapazia au mkeka ili sauti isirudi kutoka kwenye kuta. Katika Zoom kuna chaguo liitwalo `Original sound for musicians`. Likiwashwa, kichujio cha kelele huondolewa na sauti hupelekwa kama ilivyo. Hapo ndipo mnong'ono unapopata ruhusa ya kupita. Kwa kuwa hakuna kichujio, kila mtu nyumbani anyamaze, na feni izimwe.

Kwa wimbo uliomo ndani ya kompyuta, usiuchezeshe kwenye spika ili maikrofoni iudake. Katika Zoom, wakati wa kuonyesha kioo kwa wengine, tia alama kwenye `Share sound`, na wimbo utatoka moja kwa moja ndani ya mashine bila kupitia maikrofoni yoyote.

Ikiwa mtandao wa siku hiyo ni hafifu, au kama familia hutumia WhatsApp tu, iko njia ya uvumilivu ambayo hushinda zote. Mtoto anaswe kwa kinasa sauti cha simu, hedifoni ikiwa imezimwa, kisha rekodi itumwe kwa kuchagua `Document`, ili ifike bila kufupishwa tena. Baba ataisikiliza kwa wakati wake, nje ya simu ya video, na hedifoni yake itakuwa katika barabara pana. Kisha Jumapili watazungumza juu ya aliyoyasikia.

GHARAMA YA DAWA HII

Hakuna dawa isiyo na uchungu wake. Maikrofoni ya kompyuta iko mbali na mdomo, kwa hiyo husikia nyumba nzima: sufuria jikoni, watoto uani, mvua juu ya mabati. Kwa mazungumzo ya kawaida, hasa mahali penye makelele, maikrofoni ya hedifoni yaweza kuwa bora. Aidha, njia ya muziki huchelewesha sauti kidogo, pengine sehemu moja au mbili ya kumi ya sekunde, na mwenye jicho kali ataona midomo ya msemaji ikitangulia maneno. Njia ya mazungumzo ni ya haraka zaidi, na haraka hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya iwe nyembamba.

Kwa hiyo mtu achague kulingana na shughuli. Kwa habari za nyumbani, mafundisho ya kazi au mkutano wa ofisi, aiache hedifoni kama ilivyo. Sauti ya kopo haiharibu maana ya maneno. Kwa muziki, atenganishe kusikia na kusema.

NA HIYO HEDIFONI YA BEI KUBWA?

Muuzaji hakusema uongo kwamba vipo vyombo vipya vilivyo bora. Mwaka 2020 ulitangazwa utaratibu mpya wa Bluetooth uitwao `LE Audio`, wenye njia ya kufupisha sauti iitwayo `LC3`, ambao umeundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupeleka na kurudisha sauti nzuri kwa pamoja. Huo ndio unaotazamiwa kuondoa tatizo hili katika mizizi yake.

Lakini sharti lake ni kwamba pande zote mbili ziujue, hedifoni na kompyuta pia. Hedifoni mpya ikiunganishwa na kompyuta ya zamani hurudi kwenye taratibu za zamani, na kopo hulia kama kawaida. Tena, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kama vile `Bluetooth 5.3`, haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa chombo chaweza kuwa na namba hiyo bila kuwa na `LE Audio`. Mnunuzi atafute maneno hayo yenyewe, kisha amtake muuzaji afungue simu ya video pale pale dukani, kwa kompyuta ya mnunuzi, huku wimbo ukipigwa. Kujaribu kwa wimbo peke yake hakuonyeshi lolote juu ya simu.

Mama wa Kajaga basi ailipe karo ya shule. Jumapili ijayo abadilishe maikrofoni kabla ya simu, na amwombe mume wake afanye vivyo hivyo upande wake au atumie hedifoni ya waya. Likimshinda jambo, atuandikie tena, ataje aina ya kompyuta na programu anayotumia.

Wiki ijayo safu hii itaeleza kwa nini betri ya simu huvimba, na dalili zinazomtaka mtu aache kuichaji mara moja.